Esc mbili za dawati la tiketi

Malalamiko yalinifikia kwa sauti ya Wasapu, na nyuma yake unasikia makanga wakiita abiria: "Kaka, huu mfumo unanifungia fomu mteja akiwa kwenye simu. Namwambia subiri, naandika upya, unafunga tena. Mimi nitaonekana sijui kazi."

Aliyesema ni dada anayepokea simu katika ofisi ya kampuni moja ya mabasi ya kwenda pwani, pale upande wa Accra Road, Nairobi. Haoni. Anatumia kompyuta kwa NVDA, kisoma skrini cha bure kinachofanya kazi kwenye Windows, na kwa kibodi peke yake. Mfumo wa tiketi niliukuta umeandikwa na mtu aliyenitangulia, nami nautunza kwa mkataba. Siku hiyo hiyo jioni nilijaribu fomu anayoilalamikia. Niliitumia kwa kipanya, ikafanya kazi vizuri kabisa, na hapo ndipo nilipojua kwamba lazima niende nikaketi kando yake.

Kabla sijaendelea, neno "kitufe" huwa linatuchanganya. Hapa vya kwenye kibodi nitaviita vibonye, na vya kwenye skrini nitaviita vitufe.

Ukurasa wenyewe ni jedwali la abiria wa basi moja, viti 49, na kila mstari una kitufe cha "Badili". Ukikibofya, kinafunguka kidirisha chenye vichupo vitatu: Abiria, Kiti, Malipo. Ndani ya kidirisha kuna kitufe cha "Zaidi" chenye menyu fupi: tuma tiketi kwa SMS, hamishia basi lingine, futa tiketi. Kwa hiyo menyu imo ndani ya kidirisha, na kidirisha kimo juu ya ukurasa.

Nilimwomba anionyeshe bila kunieleza. Alifika kwenye abiria wa mstari wa 38, akafungua kidirisha, akasahihisha jina na namba ya simu, kisha akafungua menyu ya Zaidi kutafuta pa kutuma SMS. Akabadili nia, akabonyeza Esc ili menyu ifunge. Menyu ikafunga, na kidirisha chote kikaondoka nayo, jina na namba vikapotea. Alipobonyeza `Tab` kurudi kwa abiria wake, NVDA ikaanza kumsomea nembo ya kampuni, juu kabisa mwa ukurasa. Kichwa cha ukurasa kina viungo 11. Viungo 11 na mistari 38 ni mibonyezo 49 ya `Tab` kurudi pale pale alipokuwa. Ana njia za mkato, bila shaka, na anazijua kuliko mimi, lakini hata njia ya mkato inamtaka kwanza atambue kwamba ametupwa juu. Mteja naye yuko kwenye simu akihesabu salio lake.

Hayo ni makosa mawili. La kwanza ni nani anayesikia Esc. La pili ni fokasi, yaani mahali ambapo kibodi "ipo" kwa wakati huo, inakwenda wapi kitu kikishafungwa.

La kwanza lilikuwa rahisi kuliona. Mwenzangu aliyetangulia aliandika hivi kwa ajili ya kidirisha, na mistari kama hii tena kwa ajili ya menyu:

```js
document.addEventListener('keydown', (e) => {
  if (e.key === 'Escape') fungaKidirisha();
});
```

Kila kipande cha msimbo kama hiki ni msikilizaji, yaani kinangoja tukio kama kubonyezwa kwa kibonye, na wasikilizaji hawa wawili wanasikiliza mlangoni pa ukurasa mzima. Esc moja ikipigwa popote, kila mmoja anaitika kwamba ameitwa yeye. Mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuhusu vifaa vya ARIA, yaani alama zinazokiambia kisoma skrini kila kitu kwenye ukurasa ni nini, unataka menyu ifungwe na Esc na fokasi irudi kwenye kitufe kilichoifungua, na unataka kidirisha nacho kifungwe na Esc. Ukiisoma kila kanuni peke yake, mwenzangu alitii zote mbili. Kinachotakiwa ni kwamba Esc moja ifunge tabaka moja tu, lile la juu, na hilo halitokei lenyewe kwa kuwa umetii kanuni za kila kifaa.

Niliamua kukiandika kidirisha upya kwa elementi ya `<dialog>` inayofunguliwa na `showModal()`. Tangu Machi 2022 vivinjari vyote vikubwa vinaielewa, na inakupa mengi bila jasho: ukurasa wa nyuma haugusiki tena, fokasi inaingia ndani yenyewe, na Esc inafunga. Kwenye menyu nikaweka msikilizaji wake mwenyewe, na ndani yake nikaita `stopPropagation()` ili tukio lisipande kufika juu. Nikajaribu. Esc ndani ya menyu ikafunga menyu na kidirisha pamoja, kama zamani.

Nilikaa nusu saa nikitafuta msikilizaji wa zamani niliyesahau kumfuta, na hakuwepo. Sababu ni kwamba `<dialog>` haifungwi na msimbo wowote wa ukurasa. Inafungwa na kivinjari chenyewe. Kivinjari hutuma kwanza tukio la `keydown` kwa ukurasa. Lisipokataliwa, ndipo chenyewe kinafunga kidirisha. `stopPropagation()` inazuia tukio lisipande kwa wasikilizaji wengine wa ukurasa, na kwa kivinjari haimaanishi chochote. Neno ambalo kivinjari kinalisikia ni `preventDefault()`:

```js
menyu.addEventListener('keydown', (e) => {
  if (e.key !== 'Escape') return;
  e.preventDefault();
  e.stopPropagation();
  fungaMenyu();
  kitufeZaidi.focus();
});
```

Niliacha zote mbili kwa sababu bado kuna wasikilizaji wengine kwenye ukurasa ule ambao siwaamini. Angalia pia kwamba msikilizaji yuko kwenye menyu yenyewe. Menyu ikiwa imefungwa, fokasi haimo ndani yake, hivyo hasikii kitu na Esc inaendelea hadi kwenye kidirisha bila kuzuiwa. Wengi huweka msikilizaji huyu kwenye kidirisha chote, wanazuia Esc wakati wote, kisha wanashangaa kidirisha hakifungi kabisa.

Fokasi ndiyo iliyonipotezea siku.

`<dialog>` ikifungwa, kivinjari huirudisha fokasi kwenye kile kilichokuwa nayo kabla, yaani kitufe cha Badili cha mstari wa 38. Ukifunga kwa Esc bila kubadili kitu, inafanya kazi. Ukibofya Hifadhi, seva inajibu, na mfumo wetu unachora jedwali lote upya. Kitufe kile cha zamani kinatupwa na kingine kinachorwa mahali pake, chenye sura ile ile na maandishi yale yale. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Kwa kibodi, aliyekuwa ameshikilia mkono wako ameondoka. Na ukiwa umehifadhi kitufe cha zamani kwenye kigeu ukaita `.focus()` juu yake, hakuna kosa linaloandikwa popote; kivinjari kinanyamaza tu.

Njia ya kulitambua ni kufungua konsoli na kuuliza `document.activeElement` baada ya kila hatua. Jibu likiwa `body`, fokasi imeanguka. Ilivyoanguka, `Tab` inayofuata inaanzia wapi? Hilo linategemea kilichofutwa kilikuwa wapi, maana vivinjari hujaribu kukumbuka eneo. Kidirisha cha zamani kilikuwa kimebandikwa mwanzoni kabisa mwa ukurasa, juu ya nembo, ndiyo maana dada yule alitupwa kwenye nembo. Kingebandikwa mwishoni angejikuta chini ya ukurasa, na malalamiko yangekuwa mengine kwa kosa lile lile.

Dawa ni kutokushika kitufe chenyewe, bali kushika namba ya tiketi, na kukitafuta kitufe upya baada ya jedwali kuchorwa:

```js
function rudishaFokasi(id) {
  if (document.activeElement !== document.body) return;
  const k = document.getElementById('badili-' + id);
  (k || kichwaChaJedwali).focus();
}
```

Mstari wa kwanza wa ndani niliuongeza siku ya pili. Mwanzoni nilikuwa naita kitendo hiki kidirisha kinapofungwa, na kwangu nyumbani kilifanya kazi kila mara. Kwenye dawati lake hakikufanya kazi hata mara moja, kwa sababu mtandao wa pale ni wa polepole: kidirisha kinafunga, fokasi inarudi kwenye kitufe, sekunde mbili baadaye jibu la seva linafika, jedwali linachorwa upya, fokasi inaanguka. Kwa hiyo kinaitwa mwishoni mwa kazi ya kuchora jedwali. Lakini katika sekunde hizo mbili huenda ameshahamia kwenye kisanduku cha kutafuta na anaandika jina la mteja mwingine. Kumnyang'anya fokasi katikati ya neno ni ubaya mkubwa kuliko ule niliokuwa naurekebisha. Ndiyo maana naangalia kwanza: fokasi ikiwa kweli imeanguka, nairudisha; ikiwa iko mahali fulani, mwenyewe ameipeleka, naiacha.

`kichwaChaJedwali` ni kichwa cha habari kilicho juu ya jedwali, nilichokipa `tabindex="-1"` ili kiweze kupokea fokasi kutoka kwenye msimbo bila kuongeza kituo cha `Tab`. Kinatumika tiketi ikifutwa, maana hapo mstari wenyewe haupo tena.

Kisha vichupo. Vilikuwa `<span>` tatu zenye `onclick`. Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wanaoona hulikosa kila mara. NVDA ina hali mbili kwenye ukurasa wa wavuti. Katika hali ya kusoma, mishale ni ya NVDA: inasoma mstari kwa mstari au herufi kwa herufi, na ukurasa wako hauipati kabisa. Katika hali ya kuandika, vibonye vinapita kwenda kwenye ukurasa. Fokasi ikitua juu ya kisanduku cha maandishi, au juu ya kitu chenye `role="tab"` au `role="menuitem"`, NVDA inahamia hali ya kuandika yenyewe na kutoa mlio mfupi. Ikitua juu ya `<span>` tupu, haihami. Unaweza basi kuandika msimbo wa mishale ulio sahihi kabisa, ukaujaribu kwa kibodi ukafanya kazi, na mtumiaji wa NVDA asione lolote, kwa sababu mshale haujawahi kufika kwako. `role` ndiyo inayoamua mshale ni wa nani. Mlio ule mfupi ndio kipimo changu sasa: nikitua kwenye kichupo nisiusikie, sina haja ya kuangalia msimbo wa mishale.

```html
<div role="tablist" aria-label="Sehemu za tiketi">
  <button role="tab" aria-selected="true" tabindex="0">Abiria</button>
  <button role="tab" aria-selected="false" tabindex="-1">Kiti</button>
  <button role="tab" aria-selected="false" tabindex="-1">Malipo</button>
</div>
```

Safu nzima ya vichupo ni kituo kimoja cha `Tab`. Ukifika, mshale wa kulia na wa kushoto unakupeleka kati yao, ukifika mwisho unazunguka kurudi mwanzo, na `0` ile ya `tabindex` inahama pamoja nawe. Kila kichupo pia kina `aria-controls` na paneli yake ina `role="tabpanel"`. Nimeziondoa hapo juu ili mistari isirefuke.

Swali moja lilihitaji uamuzi: mshale ukifika kwenye kichupo, paneli yake ifunguke papo hapo au isubiri `Enter`? Mwongozo unaruhusu yote, na unapendelea papo hapo ikiwa paneli iko tayari. Kwetu kichupo cha Kiti kinaita seva ilete mchoro wa basi. Mtu anayetoka Abiria kwenda Malipo angelazimika kupita juu ya Kiti na kuusubiri mchoro asioutaka. Nikachagua isubiri `Enter` au kibonye cha nafasi.

Nikaharibu jambo moja hapa, na ni langu, si la aliyetangulia. Msikilizaji wa mishale niliuweka kwenye kidirisha chote badala ya kwenye `tablist`, kwa uvivu, kwa kuwa kidirisha nilikuwa nacho tayari mkononi. Kesho yake dada akapiga simu.

"Kaka, namba ya simu siwezi kurekebisha. Nikikosea tarakimu ya katikati, mshale haurudi nyuma."

"Unafanya nini sasa?"

"Nafuta yote naanza na sifuri saba tena. Na hii ndiyo namba wanayolipia M-Pesa, siwezi kubahatisha."

Matukio ya kibodi hupanda. Mshale uliopigwa ndani ya kisanduku cha namba ulipanda hadi kwenye kidirisha, msimbo wangu ukaudaka, ukaita `preventDefault()`, na kishale cha kuandikia kikabaki pale pale. Kuhamisha msikilizaji kwenda kwenye `tablist` kulichukua dakika moja. Sikulikuta wakati wa majaribio kwa sababu katika majaribio sikuwahi kukosea namba.

Baada ya hayo yote nilidhani nimemaliza. Wiki iliyofuata akaniambia kidirisha bado kinafunga, si kila mara, lakini kinafunga. Nikarudi Accra Road, nikaketi tena, na safari hii nikaangalia kidole badala ya skrini. Alikuwa akibonyeza Esc mara mbili, haraka, kama mtu anayegonga mlango.

"Dada, mbona mbili?"

"Moja haifanyi kitu."

Na alikuwa na haki. Ukiwa kwenye kisanduku cha maandishi na NVDA imehamia hali ya kuandika yenyewe, Esc ya kwanza ni ya NVDA: inakurudisha hali ya kusoma, na ukurasa hauisikii. Esc ya pili ndiyo inayofika kwenye ukurasa na kufunga kidirisha. Kwa miaka mingi ya kazi, mkono wake umejifunza kwamba kufunga ni mbili. Lakini menyu za ARIA NVDA inazitendea tofauti: Esc ikipigwa ndani ya menyu inapita moja kwa moja kwenda kwenye ukurasa. Kwa hiyo Esc yake ya kwanza inafunga menyu, na fokasi inarudi kwenye kitufe cha Zaidi. Esc ya pili inakuta hakuna menyu, inafika kwenye kidirisha, nacho kinafunga kama nilivyokiamuru. Kila kipande kinafanya kazi yake sawasawa, na bado jina la mteja linapotea.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuuliza "Una uhakika?" kidirisha kikitaka kufungwa na kuna maandishi ambayo hayajahifadhiwa. `<dialog>` hutoa tukio la `cancel` ambalo unaweza kulizuia. Lakini Chrome hairuhusu ukurasa kumfungia mtu ndani: ukizuia Esc ya kwanza na ya pili ikaja hapo hapo bila kitendo kingine katikati, inafunga bila kukuuliza tena. Ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo, ila ina maana kwamba kizuizi changu kingeshindwa kwa mtu yule yule ninayemlinda, ambaye desturi yake ni mbili mfululizo.

Niliacha Esc ifunge. Badala yake, kinachoandikwa kwenye kidirisha kinawekwa kama rasimu chini ya namba ya tiketi, kwenye kumbukumbu ya ukurasa tu. Ukifunga kwa bahati mbaya, fokasi iko kwenye Badili ya mstari ule ule. Bonyeza `Enter`, kidirisha kinafunguka kikiwa na jina na namba kama ulivyoviacha, na maandishi mafupi yanayosomwa kwamba kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Rasimu inafutwa ukihifadhi, ukibofya Ghairi, au zamu ikibadilika na mtu akatoka kwenye mfumo, kwa sababu kompyuta ile inatumiwa na watu wawili na namba za simu za wateja si za kuachwa mezani.

Kitu kimoja alinikatalia. Tiketi ikifutwa, fokasi ilikuwa inakwenda kwenye kichwa cha jedwali, na mimi nilikiona kuwa mahali pa heshima. Yeye akasema anapofuta huwa anafuta familia nzima iliyoahirisha safari, watu wanne au watano waliokata tiketi pamoja, mistari inayofuatana. Kurudishwa kichwani kila mara ni kumwanzisha safari upya. Sasa inakwenda kwenye kitufe cha Badili cha mstari uliochukua nafasi ya uliofutwa. Kama uliofutwa ulikuwa wa mwisho, inakwenda kwa uliotangulia. Na kichwa cha jedwali kinapata zamu yake basi likibaki tupu.